Ahadi ya siku kumi na barua ya usiku mmoja

Wahenga walisema ahadi ni deni. Hawakusema mtu afanye nini siku ya kulipa ikifika naye hana kitu mkononi. Jambo hilo lilinifikia mlangoni jioni ya Jumapili, Septemba 7, 2025, nikiwa najitayarisha kuwapakulia watoto chakula.

Aliyebisha hodi alikuwa kitinda mimba wetu. Alikuwa amekonda uso na simu yake ilikuwa imezimwa. Nilimkaribisha mezani, lakini aligusa chakula kidogo tu, kisha akasema, "Dada, wewe ndiye mwandishi nyumbani kwetu. Niandikie barua."

Ndugu yangu huyu hutengeneza filamu za katuni. Kazi hiyo aliipenda tangu akiwa kijana mdogo, wakati mfululizo wa Tinga Tinga Tales, uliotengenezwa hapa Nairobi, ulipoanza kuonyeshwa mwaka 2010. Leo ana chumba kimoja cha kupanga mtaani Umoja, kompyuta mbili na kijana mmoja anayemsaidia. Kompyuta iliyo kubwa zaidi ilinunuliwa kwa fedha za ng'ombe ambaye mama alimuuza. Basi mkiona nimelivalia njuga jambo hili, mjue kwamba ng'ombe yule naye yumo.

Mteja wake alikuwa chama kimoja cha akiba na mikopo. Kilitaka filamu ya dakika 2 inayomwonyesha mama muuza maziwa aliyenaswa na deni la shailoki, kisha akaokolewa na mkopo wa chama. Filamu ilikuwa ionyeshwe katika mkutano mkuu wa mwaka, Jumamosi, Septemba 27. Ndugu yangu aliahidi kuikabidhi Ijumaa, Septemba 5. Alikuwa amelipwa nusu ya fedha, na nusu hiyo ilikuwa imekwisha kwa kodi ya chumba na mshahara wa kijana. Siku ya kukabidhi ilipofika hakuwa na filamu. Katibu wa chama alipiga simu mara nne, naye akaizima.

"Unataka barua iseme nini?" nilimuuliza.

"Iseme stima ilipotea siku mbili. Iseme wao wenyewe walibadilisha maneno kazi ikiwa katikati. Iseme watapata filamu Ijumaa hii, bila kukosa."

Nilichukua kalamu. Lakini kazi yangu ya gazeti imenifunza kwamba kabla ya kuandika sababu ni lazima uihoji. Nikamwambia anieleze kwanza katuni hutengenezwaje, pole pole, kama anayemweleza mama.

HESABU YA MEZANI

Picha inayosogea, alisema, ni udanganyifu wa macho. Televisheni za huku kwetu huonyesha picha 25 kwa kila sekunde moja, na jicho haliwezi kuzitenganisha. Filamu ya dakika 2 ina sekunde 120, kwa hivyo ina picha 3,000. Ili kupunguza kazi, wachoraji wengi huacha kila mkao ukae kwa picha 2 kabla ya kuubadilisha. Hata hivyo ni mikao ipatayo 1,500, na kila mmoja ni lazima upangwe na mkono wa mtu.

Yeye hachori kila mkao upya. Huchora mhusika mara moja tu, akiwa vipande vipande: kichwa, mkono wa juu, mkono wa chini, kiganja. Kisha huviunganisha kwenye kompyuta kwa viungo, mfano wa kikaragosi cha karatasi kilichofungwa kwa uzi. Baada ya hapo kazi ni kumsogeza kikaragosi huyo mkao kwa mkao.

"Kwa siku moja mtu mmoja humaliza sekunde ngapi?" niliuliza.

"Nane," alijibu bila kusita.

"Kila siku?"

Hapo akasita. Ana daftari ambamo huandika kila jioni kazi iliyokamilika. Tulilifungua. Sekunde 8 zilikuwapo kweli, siku moja, katika onyesho ambalo mama muuza maziwa amesimama tu akisikiliza. Siku nyingine zote, pale wahusika walipotembea, walipoinama na walipozungumza, kila mmoja wao alimaliza sekunde 4. Ndugu yangu alikuwa amechukua siku yake bora kabisa akaifanya kipimo cha siku zote.

Sasa hesabu ikajitokeza yenyewe. Kwa sekunde 8 kila mmoja, watu wawili humaliza sekunde 16 kwa siku, na filamu nzima huisha kwa siku 8. Ndiyo sababu aliahidi siku 10 za kazi, kuanzia Jumatatu, Agosti 25, akidhani amejiwekea nafasi ya kutosha. Lakini kwa mwendo wao halisi wa sekunde 8 kwa wote wawili, filamu hiyo ilihitaji siku 15.

Tukazihesabu zile siku 10. Siku 3 za kwanza walifanya kazi vizuri wakapata sekunde 24. Alhamisi, Agosti 28, katibu akaleta maneno mapya, na siku 2 zikaishia hapo. Jumatatu na Jumanne zilizofuata transfoma ya mtaa iliungua. Siku 3 za mwisho wakapata sekunde nyingine 24. Jumla ni sekunde 48.

"Unaona?" ndugu yangu alisema. "Ni siku 4 zilizopotea, na wala si kosa langu."

Nilimwandikia kwenye pambizo ya daftari lake: siku 10 mara sekunde 8 ni sekunde 80. Hata kama stima isingepotea dakika moja, hata kama katibu asingebadilisha neno hata moja, siku ya kukabidhi ingemkuta akiwa bado anadaiwa sekunde 40.

Alinyamaza kwa muda mrefu. Watoto walikuwa wamekwisha kulala. Nadhani ndipo alipotambua kwamba filamu haikuchelewa Septemba. Ilichelewa siku ile ile alipotamka ahadi.

MANENO MACHACHE, KAZI NYINGI

Hata hivyo sikutaka barua imbebeshe lawama zote. Lile la maneno kubadilishwa lilikuwa kweli, na katibu hakujua uzito wake. Mimi mwenyewe sikuujua.

Katika maandishi ya kwanza, mhusika alisema "riba nafuu". Chama kikaona ni afadhali aseme "riba ya asilimia moja kwa mwezi, kwa salio linalopungua". Kwa mtu wa ofisini, hilo ni kufuta maneno mawili na kuandika mengine. Kwa mtengeneza katuni, sauti ndiyo hutangulia, na mdomo huifuata. Ukitamka M, B au P, midomo hufumba kabisa. Ukitamka A, kinywa hufunguka, na kwa O na U hujikunja duara. Mtazamaji hajui kanuni hizo, lakini mdomo ukiwa wazi mahali pa M, anahisi mara moja kwamba kuna kitu kimeharibika.

Kwa hivyo mwigizaji aliitwa tena kurekodi. Sentensi mpya ikawa ndefu kuliko ya zamani, na kila kilichofuata kikasukumwa mbele. Ikabidi waipange upya ile michoro ya hadithi nzima iliyowekewa sauti, ambayo chama kilikuwa kimekwisha kuikubali, na wapunguze vimya hapa na pale ili filamu ibaki dakika 2. Na katika sekunde 24 walizokuwa wamemaliza, 12 zilihitaji midomo na mikono mipya.

Lakini kosa jingine la ndugu yangu lilikuwa hapo pia. Alipoletewa maneno mapya alijibu, "Hakuna shida." Hakumwambia katibu kwamba shida ipo, wala ni ya siku ngapi.

Tukaja kwenye ahadi mpya. Yeye bado alitaka Ijumaa ya wiki hiyo, kwa kuwa aliogopa kutaja siku ya mbali. Nikamwomba agawanye. Sekunde 72 zilizobaki, kwa sekunde 8 kwa siku, ni siku 9. Kurekebisha zile sekunde 12 ni siku 1. Jumla siku 10 za kazi, kabla mteja hajaiona filamu, kabla ya marekebisho, na kabla ya kile ambacho vijana wa kazi hii huita kurenda.

Kurenda ni pale kompyuta inapounganisha mhusika, mandhari, vivuli na rangi kuwa picha moja kamili, kisha picha nyingine, hadi mwisho. Kompyuta yake kubwa huchukua takriban sekunde 20 kwa kila picha. Picha 3,000 ni sekunde 60,000, yaani saa 16 na dakika 40. Ukigundua baadaye kwamba kikombe cha maziwa kinaelea hewani badala ya kukaa mkononi, onyesho hilo hurendwa tena.

Kwa hesabu hiyo, filamu kamili isingewahi mkutano wa Septemba 27. Ndugu yangu alijishika kichwa. Nami nikamuuliza swali ambalo nadhani ndilo lililoiokoa barua: je, kuna kipande kinachoweza kusimama peke yake?

Kilikuwapo. Sekunde 40 za mwanzo zilikuwa na kisa kizima cha mama kunaswa na shailoki hadi kufika kwenye mlango wa chama. Zote zilikuwa zimekwisha kutengenezwa isipokuwa zile 12 za midomo. Wanachama wangeweza kukiona kipande hicho mkutanoni, na mwenyekiti akamalizia hadithi kwa mdomo wake.

BARUA YENYEWE

Tuliandika hadi saa sita za usiku. Kila alipoandika "kutokana na sababu zisizoepukika" nilikata. Hii hapa barua, kwa idhini yake, nikiwa nimeondoa majina tu.

Kwa Katibu,

KUH: KUCHELEWA KWA FILAMU YA KATUNI NA RATIBA MPYA

Nilikuahidi filamu ya dakika 2 ifikapo Ijumaa, Septemba 5. Sikuikabidhi, na uliponipigia simu sikujibu. Kwa yote mawili naomba radhi. La pili halikuwa na sababu yoyote ila aibu.

Hadi leo tumemaliza sekunde 48 kati ya 120. Sababu kubwa ni kosa langu la kukadiria. Nilihesabu kwamba tungemaliza sekunde 16 kwa siku, lakini mwendo wetu halisi ni sekunde 8. Tulipoteza pia siku 2 kwa kukosa umeme, na siku 2 kurekodi na kupanga upya maneno mliyoyabadilisha Agosti 28. Nilipaswa kukueleza siku hiyo hiyo kwamba mabadiliko hayo yangeongeza muda. Sikufanya hivyo, kwa hivyo sitawatoza chochote kwa ajili yake.

Filamu kamili haitakuwa tayari kabla ya mkutano wenu wa Septemba 27. Naona ni heri ulijue leo kuliko siku ya mkutano. Badala yake napendekeza haya:

Ijumaa, Septemba 12: nitakuletea sekunde 40 za mwanzo uzitazame. Zina kisa kinachojitosheleza.

Jumanne, Septemba 16: utanipa maoni yako juu ya kipande hicho.

Ijumaa, Septemba 19: nitakukabidhi kipande hicho kikiwa kamili, tayari kuonyeshwa mkutanoni.

Jumatano, Septemba 24: nitakuletea filamu nzima uitazame. Kazi hiyo itatuchukua siku 10, na nimeongeza siku 2 za tahadhari.

Jumatatu, Septemba 29: utanipa maoni ya mwisho. Sikuomba uyatoe mapema zaidi kwa kuwa najua utakuwa na shughuli za mkutano.

Ijumaa, Oktoba 3: nitakukabidhi filamu kamili.

Naomba mambo mawili kutoka kwenu. La kwanza, uthibitishe kwa maandishi, ifikapo Jumatano, Septemba 10, kwamba maneno ya sasa ndiyo ya mwisho. Rangi na mandhari tunaweza kuyabadilisha bila kuchelewa sana. Maneno yakibadilika, midomo na muda wa kila kitu hubadilika, na nitakuletea tarehe nyingine kabla ya kuanza. La pili, maoni yenu yakichelewa siku moja, tarehe ya mwisho nayo itasogea siku moja.

Kila Ijumaa jioni nitakutumia idadi ya sekunde zilizokamilika, ziwe nyingi au chache. Nusu ya malipo iliyobaki siidai hadi Oktoba 3 nitakapokabidhi. Ikiwa ratiba hii haiwafai, naomba tuzungumze kesho saa nne asubuhi. Simu yangu itakuwa wazi.

Wako mtiifu.

Ndugu yangu alitaka pia kuongeza kwamba atawapunguzia bei. Nilimuuliza kijana wake angelipwa kwa nini mwisho wa mwezi. Akakosa jibu, na sentensi hiyo ikaondoka. Kumtuliza mtu kwa ahadi usiyoweza kuitimiza ndilo kosa lililotufikisha pale mezani.

JIBU LA KATIBU

Aliipeleka barua mwenyewe Jumatatu asubuhi. Katibu, mtu wa makamo asiyependa mchezo, aliisoma mbele yake amesimama. Alimkemea kwa kuzima simu, na alistahili. Kisha akatoa kalamu, akatia alama kwenye Septemba 19 na kuuliza swali moja tu: "Hii una hakika nayo?"

Ndugu yangu aliniambia kwamba kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hiyo, aliweza kujibu ndiyo bila moyo kumdunda. Hesabu ilikuwa kwenye daftari.

Kipande cha sekunde 40 kilifika Septemba 19. Nasikia wanachama walicheka shailoki alipotokea na tumbo lake, na mama mmoja akasimama kuuliza kama ni jirani yake aliyechorwa. Siku 2 za tahadhari zilitumika zote, moja kwa sababu kijana alishikwa na malaria, nyingine kwa sababu onyesho la mvua lilikuwa gumu kuliko walivyodhani. Filamu kamili ilikabidhiwa Oktoba 3, saa kumi jioni, na malipo yakafuata baada ya wiki moja.

Lakini kuna neno moja la katibu ambalo ndugu yangu amelibandika ukutani juu ya kompyuta ya ng'ombe. Siku ya kukabidhi, baada ya kutia sahihi, alimwambia, "Kijana, barua yako ilikuwa nzuri. Ila ilikuwa ya Agosti."

Tuliporudi kwenye daftari tuliona anavyosema kweli. Jumatano jioni, Agosti 27, siku ya tatu tu ya kazi, daftari lilionyesha sekunde 24 mahali ambapo mpango ulitaka 48. Stima ilikuwa bado ipo na maneno yalikuwa bado hayajabadilishwa. Mkutano ulikuwa mwezi mzima mbele, na kila jambo lingeweza kupangwa upya kwa simu moja ya dakika tano.

Siku hizi, jioni ya siku ya tatu ya kila kazi mpya, kitinda mimba wetu hufungua daftari, hugawanya, kisha humpigia mteja. Mama naye ameanza kuuliza habari za ng'ombe mwingine.